Ufunguo Mfukoni mwa Maiti: Hotuba Juu ya Kuota Kifo Chako Mwenyewe

Ndugu zangu, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliochagua viti vya nyuma karibu na mlango. Nawaelewa. Mada kama hii mtu huisikiliza vizuri zaidi akijua pa kutokea.

Nianze na ombi. Aliyewahi kuota amekufa anyanyue mkono. Siulizi aliyeota anafukuzwa au anaanguka akashtuka kabla hajafika chini. Namtaka yule aliyeona kabisa kwamba amekufa: ameiona maiti yake, au amesimama pembeni watu wakimlilia. Naona mkono mmoja. Miwili. Sasa naona mingi, imenyanyuka nusu, kila mmoja akichungulia kwanza kama jirani amenyanyua. Basi. Na nyote mko hapa, wazima, mnanisikiliza. Hilo peke yake linamaliza ule uvumi kwamba ukifa ndotoni huamki. Isitoshe, uvumi huo nimekuwa nikijiuliza ulitoka kwa nani, maana ambaye angetuletea ushahidi ndiye asingeweza kuongea.

Mimi ni mshauri nasaha. Watu hawaji kwangu kwa ajili ya ndoto. Huja kwa sababu hawalali, au wameacha kula, au wamegombana na mwenza, na ndoto hutokea katikati ya maongezi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni. Leo nitawasimulia mmoja tu wa aina hiyo. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.

Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, umri wake miaka 59, na miaka 31 kati ya hiyo aliiishi barabarani. Alinisimulia hivi:

“Niko kwenye uwanja tunaoegesha malori. Kile kitanda cha kabini, cha nyuma ya kiti cha dereva, kimetolewa kimewekwa chini, na watu wamekizunguka. Kuna mtu amelala juu yake amefunikwa shuka. Nauliza ni nani, hakuna anayenigeukia. Nainua shuka, namwona ni mimi. Nimevaa shati langu la kaki la kazini na mfuko wa kushoto umetuna. Watu wanabishana ufunguo wa lori uko wapi. Mwanangu, ufunguo uko mfukoni mwangu, nauona ulivyotuna! Nawaambia, lakini sauti haitoki. Na juu kule, kwenye usukani, amekaa kijana, mlango uko wazi, anasubiri apewe ufunguo.”

Akashtuka saa kumi na robo alfajiri, shati limelowa jasho.

Hakumwambia mkewe. Asubuhi ile aliandika madeni yake yote kwenye daftari. Jioni akawapigia simu wanawe mmoja mmoja, akiwauliza maswali ya kuwaaga ambayo wao hawakuyaelewa. Alikataa safari mbili. Alikwenda kupima shinikizo la damu, akaambiwa liko sawa, akahisi mpimaji anamficha. Wiki ya tatu ndipo alipofika kwangu, na kilichomleta ni kukosa usingizi. Alikuwa anaogopa kulala asije akaimalizia ile ndoto.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza swali ambalo huwauliza wote, na ambalo halina maajabu yoyote: “Mzee, wiki ile kabla ya ndoto, kulitokea nini?”

“Hakuna.”

“Hakuna kabisa?”

“Hakuna. Nilipeleka tu barua ya kustaafu.”

Neno “tu” lile nililiandika kwenye daftari langu nikalipigia mstari.

Barua aliikabidhi Jumatatu. Ndoto aliiota usiku wa kuamkia Jumapili. Wanaochunguza ndoto wameona kwamba jambo la mchana hurudi ndotoni kwa mawimbi mawili. La kwanza huja usiku huohuo au unaofuata. Kisha jambo hupotea, na wimbi la pili huja baada ya siku tano hadi saba hivi. Ndiyo maana watu wengi hawaunganishi. Mtu akiota leo huangalia jana yake, akaiona jana haina kitu, akahitimisha kwamba ndoto imetoka mbali, basi ni ujumbe. Rudini nyuma wiki nzima. Hesabuni siku kwa vidole.

Lakini swali linabaki. Kustaafu ni barua, sherehe ndogo na fomu za mafao. Kwa nini ubongo uchore maiti?

Hapa naomba tuache wataalamu kidogo, tujisikilize sisi wenyewe tunavyozungumza. Saa ikisimama tunasemaje? Saa imekufa. Betri imekufa. Biashara ikifilisika, imekufa. Mradi umekufa, chama kimekufa, ndoa ya fulani ilikufa siku nyingi. Aliyekata tamaa amekufa moyo. Mchana kutwa tunaua vitu kwa ulimi na hatushtuki, kwa sababu kila msikilizaji anajua hakuna jeneza. Usiku hali ni nyingine. Ndotoni maneno hupungua na picha huzidi, na mtu hawezi kuona “kitu kimefika mwisho” hivihivi, maana mwisho hauna sura. Wenye sura ni marehemu. Yule mzee, mchana, angeweza kusema “udereva wangu umekufa,” watu wakamwitikia pole wakaendelea na mambo yao. Usiku sentensi ileile ilichorwa, na aliyelala chini ya shuka alikuwa dereva, amevaa sare.

Angalieni tena maiti ile ilivyokuwa. Haikuvaa shati la kwenda kutembea. Haikulala kwenye kitanda cha nyumbani kwake. Ilikuwa na shati la kaki, juu ya kitanda cha kabini, katikati ya malori. Na mzee mwenyewe alikuwa wapi? Amesimama, miguu yake miwili, anatazama, anauliza, ana hasira kwamba hasikiki. Aliyekufa na aliyekuwa hai walikuwamo wote kwenye ndoto moja. Mimi hicho ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta mtu anaponieleza: maiti ilikuwa ipi miongoni mwa nafsi zako, na wewe uliyekuwa ukitazama ulikuwa nani? Nimesikiliza wengi, na mara nyingi maiti huwa na nguo, umri au mahali panapoitaja awamu ya maisha iliyofika mwisho. Mama aliyemwoza binti wa mwisho huiona maiti yake ikiwa kijana, umri wa alipokuwa akilea. Mtu aliyeacha pombe huikuta baa. Nguo za maiti zinasema zaidi kuliko maiti.

Sasa kidogo kuhusu ubongo wenyewe. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, huko Chicago, waliandika kwamba mtu aliyelala huwa na vipindi ambavyo macho yake huchezacheza haraka chini ya kope, na ukimwamsha wakati huo mara nyingi atakueleza ndoto. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na kadiri alfajiri inavyokaribia ndivyo vinavyorefuka. Kwa hiyo saa kumi na robo si saa ya mizimu. Ni saa ambayo ndoto zinakuwa ndefu na usingizi mwepesi, ndoto na kuamka vikapakana. Katika usingizi huo ile sehemu ndogo ya ndani ya ubongo inayoshughulika na hofu, amigdala, hufanya kazi kwa nguvu, wakati sehemu za mbele zinazopima na kuhoji zimepunguza kasi. Hofu imewashwa, mkaguzi amelala. Ndiyo maana ndotoni huulizi, “Mbona mimi niko huku na niko kule?” Na misuli ya mwili wakati huo imelegezwa isitii, jambo ambalo huenda ndilo linalotia chumvi ile hali ya kutaka kupiga kelele sauti isitoke.

Mtu ninayependa kazi yake katika uwanja huu ni Rosalind Cartwright, naye wa Chicago. Alichukua watu waliokuwa wakiachana na wenzi wao, wengi wamezama katika sonona, akawalaza maabara na kuwaamsha usiku kuwauliza wameota nini. Baada ya mwaka mmoja akawatazama tena. Waliokuwa wakimwota waziwazi mwenza anayeondoka, na hisia zikiwamo, walikuwa wamepata nafuu zaidi kuliko wasiomwota kabisa. Simaanishi kwamba ndoto iliwaponya. Kinachonivutia ni kwamba ubongo ulikuwa kazini juu ya mwisho uliokwisha kufahamika. Haukuwa ukitabiri talaka, talaka ilikuwa mezani. Na barua ya mzee nayo ilikuwa mezani.

Kuna wafuasi wa Carl Jung, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, wanaopenda kusema kila kifo ndotoni ni kuzaliwa upya. Mimi sifiki huko. Mzee wangu hakuzaliwa upya. Alipoteza kitu alichokipenda, na kumwambia “hongera, unaanza ukurasa mpya” kungekuwa kumtukana. Ninaposema ndoto hii huashiria mwisho wa awamu, nasema mwisho, basi. Kinachofuata ndoto mara nyingi haikijui, kama ambavyo mwotaji hakijui.

Najua kuna anayesubiri kuniuliza: na wale walioota wakafa kweli? Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Abraham Lincoln, rais wa Marekani aliyepigwa risasi Aprili 1865. Inasimuliwa kwamba siku chache kabla, aliota anasikia vilio Ikulu, akafuata sauti, akakuta maiti, akamuuliza askari ni nani aliyekufa, akajibiwa ni rais. Msimuliaji ni rafiki yake, Ward Hill Lamon, na simulizi ilichapishwa miongo kadhaa baada ya msiba, jambo linalowafanya wanahistoria wengi waitilie shaka. Lakini tuseme ni kweli tupu. Katika simulizi hiyohiyo Lincoln mwenyewe anasema aliyeuawa ndotoni hakuwa yeye, alikuwa mtu mwingine! Sehemu hiyo wasimuliaji huiruka. Na tusisahau kwamba rais huyo alikuwa ametoka kwenye miaka minne ya vita na vitisho vya kuuawa. Angeota nini, harusi?

Halafu tufanye hesabu, wala haihitaji kalamu ndefu. Duniani hufa watu kama milioni 60 kwa mwaka. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mtu huota amekufa mara moja katika miaka kumi, yaani usiku mmoja kati ya 3,650. Kwa bahati tupu, bila utabiri wowote, zaidi ya watu laki moja kila mwaka wangeota ndoto hiyo ndani ya wiki yao ya mwisho. Ndugu zao wangeisimulia mpaka vitukuu. Mamilioni walioota wakaamka wakapiga mswaki, nani anawasimulia?

Tena kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hesabu. Wapo watafiti waliokaa na watu wanaokufa kweli. Daktari Christopher Kerr na wenzake, katika nyumba ya kuhudumia wagonjwa wa mwisho huko Buffalo, Marekani, walizungumza na wagonjwa 59 siku baada ya siku na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Wengi sana waliota. Na waliota nini? Safari: kujiandaa kuondoka, kusubiri usafiri. Na watu wao waliotangulia, wakiwajia, na hao ndio waliowapa faraja kuliko wote. Picha ya maiti yako imelala watu wamekuzunguka, ile inayowatia watu wazima jasho saa kumi alfajiri, sio iliyotawala ndoto zao. Tafakarini mpangilio huo: anayekufa huota safari, na anayestaafu huota kifo. Kila mmoja anapata picha ya jirani yake.

Sasa niseme ninapoacha kusema “ni awamu tu,” kwa sababu neno “huashiria” lina mipaka na mimi nimewahi kuona watu wakitulizwa pasipostahili.

Swali langu la pili kwa mwotaji ni hili: ulipofumbua macho ukajua uko hai, ulijisikiaje? Wengi hujibu, nilishusha pumzi. Mzee alijibu aligusa kifua chake mara mbili. Lakini yupo anayejibu, nilisikitika. Au, nilitamani ningeendelea kulala. Hapo sizungumzi tena kuhusu ndoto. Namuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa maneno hayohayo, kwani kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, na simwachi aondoke peke yake kabla hajakutanishwa na daktari au mtu wa kukaa naye siku hiyohiyo. Kama jibu hilo ni lako wewe uliyeketi hapa, usisubiri kesho.

Ndoto ya kunyongwa au kuzama inayojirudia, ukaamka unatweta, kichwa kinauma asubuhi, na mwenza anakwambia unakoroma kisha kimya kinaingia kama umekata pumzi, hiyo ina sababu yake kwenye koo. Njia ya hewa inaziba ukiwa usingizini. Utapoteza miezi ukitafuta ni awamu gani imeisha, kumbe unachohitaji ni kupimwa usingizi. Hali kadhalika ukianza dawa fulani za shinikizo la damu kama propranolol, au za sonona, au ukiacha pombe ghafla: ndoto huchacha. Mweleze aliyekuandikia, na usizikatize mwenyewe.

Na aliyenusurika ajali au shambulio, akawa anaota kifo kilekile, sura ileile, mara kwa mara, huyo harudiwi na mwisho wa awamu. Anarudiwa na tukio. Kwake kuna mazoezi yenye ushahidi mzuri: mchana, akiwa macho, anaiandika jinamizi hiyo, anaibadilisha apendavyo, kisha anaipitia ile mpya akilini dakika kumi hadi ishirini kila siku, akiongozwa na mtaalamu.

Mzee wangu hakuwa na hata moja kati ya hayo. Kupumua kulikuwa sawa, hakuwa na dawa mpya, na kuishi alikutaka mno, hilo ndilo lililomtisha. Kwa hiyo tulirudi kwenye ndoto yake, na nikamuuliza kuhusu kitu ambacho tangu mwanzo kilinikera: ule ufunguo.

“Mzee, kwa nini hukuutoa? Uliinua shuka. Mkono ulikuwa nao.”

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Sikutaka kumpa.”

“Nani?”

“Kijana.”

Tuligeuza mazungumzo yote kutoka hapo. Kumbe kijana yule wa kwenye usukani yupo. Alikuwa utingo wake kwa miaka minne, na ofisi ilikwisha kusema ndiye atakayelichukua lori. Tangu siku ya barua mzee hakuwa amemsemesha. Alikuwa akimwona uwanjani anapinda. Hilo hakunitajia siku ya kwanza, kwa sababu hakuliona kuwa na uhusiano wowote na kifo.

Sikumpa tafsiri. Nilimwambia tu kwamba sauti iliyokataa kutoka ndotoni inafanya kazi vizuri, maana nimeisikia saa nzima, na nikamuuliza angependa kumwambia kijana nini. Akaanza kunitajia mimi, ambaye hata baiskeli siiwezi, mambo ya lori lile. Yalikuwa mengi.

Usingizi ulirudi polepole, siku nyingine nusu usiku, siku nyingine hadi asubuhi. Ndoto ilirudi mara moja, akasema safari hii shuka lilikuwepo kitandani, limekunjwa, na hakuna mtu. Wiki ya mwisho ya kazi walipanda kabini wote wawili, kijana kwenye usukani na mzee kwenye kiti cha utingo kwa mara ya kwanza katika miaka 31. Ufunguo aliutoa kwenye mfuko wa kushoto, lakini kabla hajauachia alimshika kijana mkono wa kulia, akauweka juu ya gia, akamwonyesha jinsi ya tatu inavyokwama asubuhi injini ikiwa baridi, na kwamba hailazimishwi: unaikanyaga klachi mara mbili, unasubiri kidogo, inaingia yenyewe.

Nipo kwa maswali.